Nusu ya Pili ya Dua

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Assalamu alaykum. Daktari wa figo amesema jana kwamba figo langu linamfaa kaka. Amesema mbele yangu na mume wangu, kisha akafunga faili akatuuliza kama tuna swali. Mume wangu alikuwa nayo kumi. Mimi sikuwa nalo hata moja.

Huku hatujambo, watoto wanakula vizuri. Kaka bado anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Anarudi amechoka lakini mdomo haujachoka, jana kaniambia, "Wewe fundi lifti, watu unawapandisha kila siku, mimi tu ndiye nashuka." Hajui kwamba nimepimwa. Nimewaomba wasimwambie.

Mume wangu anasema kazi yangu ni ya kuning'inia kwenye shimo la ghorofa kumi na mbili, nikipungukiwa nguvu nani atawalea wanawe? Hasemi vibaya. Mkuu wangu wa kazi naye anasema atanipa likizo, ila hajui kama nikirudi nitaweza kubeba mota.

Watu wananiambia niswali istikhara, ile sala ya kumwomba Mungu akuchagulie. Wewe umefundisha madrasa miaka yote hiyo. Inasemwaje, na jibu linakujaje?

Bintiyo

*

9 Machi

Binti yangu,

Wa alaykumus salaam. Mimi mzima, magoti ndiyo yanalalamika kuliko mwenyewe. Msalimie mumeo na watoto.

Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuswali. Kwanza jua inapofaa. Haiswaliwi kwa jambo la faradhi, maana hilo limeshaamriwa, wala la haramu, maana hilo limeshakatazwa. Ni kwa jambo la halali ambalo hujui mwisho wake. Kutoa figo kwa nduguyo, maadamu madaktari wanasema hakutakuangamiza, ni la namna hiyo kwa wanazuoni wengi.

Swali rakaa mbili za sunna, zisizo za faradhi. Usiziswali baada ya Alasiri mpaka jua lizame, wala baada ya Alfajiri mpaka jua lipande. Ukitoa salamu, mhimidi Mungu, mswalie Mtume, kisha useme:

*Allahumma inni astakhiruka bi'ilmika, wa astaqdiruka biqudratika, wa as-aluka min fadhlikal-adhim, fa innaka taqdiru wala aqdir, wa ta'lamu wala a'lam, wa anta allamul ghuyub. Allahumma in kunta ta'lamu anna hadhal amra khayrun li fi dini wa ma'ashi wa aqibati amri, faqdurhu li, wa yassirhu li, thumma barik li fihi. Wa in kunta ta'lamu anna hadhal amra sharrun li fi dini wa ma'ashi wa aqibati amri, fasrifhu anni, wasrifni anhu, waqdur liyal khayra haythu kana, thumma ardhini bihi.*

Kwenye "hadhal amra", yaani jambo hili, ndipo unapolitaja jambo lako. Kama hujaihifadhi, isome kwenye karatasi, si aibu. Kisha niandikie kwa maneno yako uliomba nini. Ninataka kusikia, si kukupima.

Shangazi yako

*

20 Machi

Shangazi,

Assalamu alaykum. Sote wazima, isipokuwa kaka alilazwa siku mbili kwa maji kwenye mapafu. Ametoka, anawatukana wauguzi kwa upendo kama kawaida.

Nimeswali. Mara ya kwanza niliswali kazini baada ya Alasiri, chumba cha mota, kisha nikakumbuka barua yako nikarudia nyumbani baada ya Isha. Nimefanya hivyo wiki nzima. Ndoto sijaota. Niliota moja tu: lifti imekwama na ndani kuna mbuzi. Nimemwuliza jirani, kasema mbuzi ni kheri. Mume wangu kasema mbuzi ni mbuzi.

Ulitaka maneno yangu. Naomba hivi: Ewe Mungu, nakuomba uchaguzi ulio bora kwa ujuzi wako, na uwezo kwa uwezo wako, na fadhila zako kuu, kwani wewe unaweza nami siwezi, unajua nami sijui, nawe ndiwe mjuzi wa yaliyofichika. Ikiwa unajua kwamba kumpa kaka figo langu ni kheri kwangu, katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa jambo langu, basi nikadirie, na unirahisishie, kisha unibarikie.

Nasema hivyo, nasema amin, nalala. Kwa nini nakaa vilevile?

Bintiyo

*

26 Machi

Binti yangu,

Nimesoma barua yako nikaisoma tena, nikawa napapasa bahasha kama mtu aliyeangusha funguo. Nusu ya pili iko wapi?

Mume wako ni mfasiri mzuri: mbuzi ni mbuzi. Hadithi ya Mtume iliyotufundisha dua hii haikutaja ndoto hata kidogo. Wala haikusema utaona rangi, au moyo utatulia papo hapo. Imesema omba, na kuomba kwenyewe ni kulikabidhi jambo. Baada yake shauriana na wajuao, chukua hatua, utazame njia inafunguka au inafungwa.

Lakini umeomba upande mmoja. Mtu anayeomba "nirahisishie" tu hajataka kuchaguliwa, ameshachagua anatafuta muhuri. Je, uliisahau, au hukutaka kuitamka?

Shangazi yako

*

2 Aprili

Shangazi,

Sikuisahau. Nikifika pale "ikiwa ni shari kwangu, niepushie", naona nimesema kaka afe. Ulimi unagoma. Na kuna jingine: naogopa nikiitamka nitaifurahia.

Bintiyo

*

8 Aprili

Binti yangu,

Asante kwa kusema kweli.

Soma maneno yenyewe. Humwombi Mungu kaka yako apone au asipone. Hilo silo jambo lako. Jambo lako ni wewe kutoa figo. Tena maneno hayaishii kwenye kuepushwa. *Fasrifhu anni*, liepushe nami. *Wasrifni anhu*, nami niepushe nalo. Kwa nini mara mbili? Wanazuoni walioifafanua dua hii wanasema jambo laweza kuondoka na moyo ukabaki umeng'ang'ania. Kisha *waqdur liyal khayra haythu kana*: nikadirie kheri popote ilipo. Popote! Huijui wewe, siijui mimi, hata kwa kaka yako yaweza kutokea mlango tusiouona. Mwisho *thumma ardhini bihi*, kisha niridhishe nayo.

Ukiogopa kuifurahia, iombe hivyohivyo. Hofu haiharibu dua.

Shangazi yako

*

5 Mei

Binti yangu,

Mwezi huu posta imekufa au ni wewe? Sikulazimishi jibu. Niambie tu u hai, na kaka yako anaendeleaje.

Shangazi yako

*

17 Mei

Shangazi mpendwa,

Assalamu alaykum. Tu hai sote. Nisamehe ukimya.

Niliisoma yote. Siku ya kwanza niliishia katikati, mume wangu aliyekuwa anakunja nguo akasema, "Endelea." Sikupata utulivu, sikuota, hata mbuzi hakurudi. Nikafanya ulivyosema: nikaenda kwa wajuao. Daktari wa upasuaji alinionyesha picha, akasema nitapumzika kazi nzito kwa miezi kadhaa. Mkuu wangu ameniweka kwenye ukaguzi wa paneli za umeme mpaka nitakapopona, bila kubeba chochote. Hilo lilimtuliza mume wangu kuliko maneno yangu yote.

Wiki iliyopita mshauri wa hospitali aliniita peke yangu. Akafunga mlango akasema, "Hapa hakuna kaka wala mume. Ukisema hapana, yeyote atakayeuliza ataambiwa tu kwamba hufai. Hatajua kamwe." Shangazi, niliukodolea macho ule mlango wa kutokea alionifungulia kwa maneno hayo. Nilikuwa nimeomba niepushwe ikiwa ni shari, nami nilikaa nikingoja miguu iende. Haikwenda. Nikamwambia, "Andika ndiyo."

Sidai kwamba nimejibiwa. Huenda nitajua baadaye, huenda nisijue. Nimesema maneno yote, hilo ndilo ninalolijua.

Kaka nimemwambia jana. Aliniangalia ubavu, kisha akasema, "Wakikuchukulia la kushoto, utakuwa unayumba kuelekea kulia." Halafu akaniomba nimfundishe dua. Nimempa karatasi yangu. Yeye naye analo lake la kuomba: alipokee figo hili au akatae.

Anaswali leo baada ya Isha. Akisema ndiyo, tunalazwa Jumatatu tarehe 1 Juni, saa mbili asubuhi, na upasuaji ni Jumatano. Akisema hapana, nitakupigia.

Bintiyo