Barua Pepe kwa Jirani wa Meza

Jumatatu, 6 Mei

Jirani yangu wa meza amefiwa. Mjomba wake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Simu imempata akiwa ameinamia ramani ya mabomba ya kaskazini. Ameisikiliza, akaweka kalamu chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akachukua mkoba. Mlangoni amegeuka.

"Mheshimiwa Kipaza," ameniambia — ndivyo wanavyoniita ofisini, kwa kuwa kila sherehe mimi ndiye mshika kipaza sauti — "tafadhali, usije ukanitumia hotuba."

Nimeitikia kwa kichwa. Amekwenda.

Mchana meza yake ilikuwa tupu na mimi nilikuwa nikiiangalia kama mlinzi.

Jumanne, 7 Mei

Aibu! Aibu isiyo na kifani!

Ofisi yetu ya maji ina desturi yake. Mtumishi akifiwa, Afisa Utumishi hufungua kiolezo, hubadilisha jina, huongeza uhusiano wa marehemu, hutuma kwa mfiwa na nakala kwa watumishi wote. Kiolezo hicho nilikitunga mimi. "Tumepokea kwa mshtuko na majonzi makubwa… pengo lisilozibika… maneno hayatoshi…" Watu walikisifu sana. Mkuu wa idara alisema kina mwendo wa kitaifa.

Leo asubuhi kimetumwa. Jina limebadilishwa. Uhusiano haukubadilishwa, umebaki ule wa msiba uliopita. Kwa hiyo jirani yangu, ambaye hajaolewa, amepewa pole mbele ya ofisi nzima kwa kuondokewa na "mama mkwe wako mpendwa". Na chini kabisa, kama ilivyo kwa barua pepe zetu zote, mstari wa bluu: "Maji ni uhai. Je, umelipa bili yako?"

Kabla ya chai, jibu lake likaingia kwetu sote: "Ahsanteni. Sina mume."

Hakuna aliyecheka. Au tuseme — mhasibu alicheka, kisha akajifanya anakohoa, kisha akaenda kusimama korido. Afisa Utumishi amenijia na jasho usoni.

"Kaka, mimi nimebonyeza tu! Maneno yenyewe ni yako!"

Kweli tupu. Kinachoniuma si mama mkwe. Kosa la mama mkwe ni la kidole. Kinachoniuma ni kwamba ungeweza kuweka hapo mjomba, shangazi, babu, hata paka, na barua isingetikisika popote. Haina mtu ndani yake.

Afisa ametuma barua ya kuomba radhi. Naye pia ameuliza kama bili imelipwa.

Jumatano, 8 Mei

Nimeamua kumwandikia mwenyewe. Yeye peke yake, bila nakala kwa yeyote. Akiipokea hii kama alivyopokea ile ya jana, nitakuwa nimempoteza jirani, na sidhani kama nitapata mwingine wa kunirekebishia majigambo.

Rasimu ya kwanza ilianza: "Ni kwa moyo mzito…" Nimefuta. Ya pili: "Naelewa unavyojisikia." Naelewa wapi? Wajomba zangu wako hai, wazima, na mmoja ana deni la kunitembelea. Nimefuta. Ya tatu: "Kwa vile alikuwa mtu mzima…" Kana kwamba umri unapunguza kitu! Nimefuta kwa hasira.

Ya nne nilidhani imekomaa. Aya tano. Nimemsomea mama watoto jikoni, nimesimama, mkono mmoja mgongoni. Amenisikiliza huku anapanga vyombo.

"Hii umemwandikia jirani yako," ameuliza, "au umewaandikia watakaokupigia makofi?"

"Mke wangu, hiyo ni dhuluma."

"Bwana Hotuba, kaa chini."

Nimekaa. Akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Baba yake alipofariki alipokea ujumbe kwa mamia. Anaukumbuka mmoja tu, wa jirani wa ghorofa ya chini: "Alinifundisha kufunga tai. Watoto nitawachukua mimi shuleni leo na kesho." Basi. Hata pole haikuwamo, lakini aliusoma mara nyingi kuliko yote.

"Mtaje mtu wake," amesema. "Halafu chukua kazi moja mikononi mwake. Halafu nyamaza. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokushinda."

Ananipenda sana mwanamke huyu. Ndiyo maana hanionei huruma.

Alhamisi, 9 Mei

Namjua vipi marehemu? Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa sauti. Alikuwa akipiga simu ya mezani kumuulizia mpwa wake, na mpwa akiwa nje anakagua mabomba, mimi ndiye niliyekuwa napokea. Jirani alikuwa akilalamika: "Mzee ananipeleleza!" Lakini huko kwenye simu hakuwa mpelelezi hata kidogo. Alikuwa mcheshi.

Nimeandika: "Kila siku alinipigia." Nimesita. Kila siku? Hapana. Ulimi wa jukwaani huo, unapenda kuongeza chumvi. Yapo majuma yaliyopita bila simu yake. Nimeandika "alipopiga". Nimeandika "alikuwa akikusifu daima". Uongo mwingine. Alimsifu siku moja ninayoikumbuka vizuri, na siku hiyo moja inatosha.

Nilitaka kuongeza "Mungu amlaze mahali pema". Sikuona ubaya wake. Wapo watakaomwombea kwa dhati kuliko mimi, wenye haki ya kufanya hivyo. Nimeiacha nje. "Ukihitaji chochote niambie" — nimeifuta pia. Hiyo ni kumpa mfiwa kazi ya kutafuta cha kuomba. Nimekwenda badala yake kwa mkuu wa idara, nikachukua ramani za kaskazini za jirani, nikaandikisha kwamba nitazikabidhi mimi kwa mkandarasi. Ndipo nikaandika kwamba nimezichukua. Si nitazichukua. Nimezichukua.

Kwenye mada nilikuwa nimeweka "RAMBIRAMBI" kwa herufi kubwa. Nimewaza simu yake ikiwaka mezani kati ya wageni na neno hilo likimrukia. Nimeibadilisha.

Nimeufuta mstari wa bili. Nikajitumia mwenyewe kwanza kuhakikisha haujarudi kisirisiri. Ulikuwa umerudi! Mfumo huubandika barua inapotoka, mwandishi haoni. Nimekwenda kwa fundi kompyuta, akauzima kwenye akaunti yangu, akanitania kwamba mapato ya ofisi yatashuka. Nimejitumia tena. Safi.

Hii hapa, niihifadhi:

Mada: Mjomba

"Jirani,

Pole sana kwa kuondokewa na mjomba.

Ulipokuwa nje, simu zake nilikuwa napokea mimi. Kabla ya kukuulizia aliniuliza kwanza kama nimekula. Siku moja aliniambia kwamba akipotea njia husimama na kujiuliza wewe ungegeukia wapi. Alicheka alipokuwa akilisema, lakini alilirudia.

Ramani za kaskazini ninazo mimi. Kesho nazikabidhi kwa mkandarasi. Hakuna haja ya kujibu."

Jina langu la nyumbani chini. Bila cheo.

Baada ya kufuta yote, neno lililobaki limesimama ni "pole". Nililidharau miaka mingi kwa ufupi wake. Linatosha.

Nimebonyeza. Papo hapo jibu! Ni lile la kujiendesha lenyewe: "Sipo ofisini. Kwa jambo la dharura mwoneni jirani yangu wa meza. Anapenda kuongea lakini anajua kila kitu."

Nimekwenda korido. Mhasibu amenikuta huko, akaniuliza kama nami nakohoa.

Ijumaa, 10 Mei

Ramani zimekabidhiwa. Mkandarasi amesaini.

Hakujibu, na nilimwambia asijibu. Hata hivyo nimefungua kikasha cha barua kila nilipoinua kikombe. Nimeanza kushuku lile neno "kucheka". Je, msibani unamtajia mtu kicheko? Je, nimemchoma?

Alasiri, mstari mmoja: "Alisema lini?"

Vidole vilikwishaanza kubuni tarehe. Nimevizuia. "Sikumbuki siku. Ilikuwa wakati ule ulipokwenda kukagua tangi jipya na ukachelewa kurudi. Aliogopa umepotea, kisha akajicheka kwa kuogopa."

Kisha:

"Nilipoacha ualimu nikashika ramani, alisema nimepoteza njia. Hakuniambia tena lolote kuhusu kazi yangu mpaka leo, kupitia kwako. Nyumbani hakuwa mtu wa kucheka. Mama hajaamini, anasema labda ulipokea simu ya mzee wa mtu mwingine. Njoo Jumapili. Bila karatasi."

Mama yake ndiye dada wa marehemu.

Nimesoma mara nyingi. Sijamwonyesha mtu ila mama watoto. Amesoma, akanirudishia simu, akaenda kunipigia pasi shati.

Jumapili, 12 Mei

Naandika nikiwa garini, nje ya nyumba yao. Nimetoka kwa kisingizio cha kuchukua miwani.

Nimepokelewa vizuri mno. Sebule imejaa viti vya kuazima. Mama mtu amenikalisha mbele yake, goti kwa goti, akanitazama kama karani anayekagua kitambulisho.

"Wewe ndiye wa simu?"

"Ndiye, mama. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Haya, alikuwa anaanzaje?"

Nimemwambia: "'Haloo, bwana mdogo, umekula?'" Akamtazama binti yake. Nikaongeza kwamba nikisema bado, alinigombeza, na nikisema tayari, alidai nimtajie nilichokula. Mama akatikisa kichwa.

"Huyu ndiye. Mgomvi wa chakula huyo. Lakini kucheka… Mwanangu, nimekaa na kaka yangu maisha yangu yote. Alikuwa akiguna tu. Alicheka vipi?"

Nimeanza kueleza. "Kilikuwa kicheko cha chini, chenye —"

"Usinieleze," amesema. "Nifanyie."

Sebule nzima ikanigeukia. Jirani yangu alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, hakusogea. Ndipo nikaikumbuka miwani yangu.

Nimezungumza mbele ya mawaziri. Nimewahi kuwafunga midomo walevi harusini kwa sentensi moja. Leo naombwa kicheko cha marehemu mbele ya dada yake, na nikikosea nitampa mtu mwingine badala ya kaka yake, kama kile kiolezo. Nikikataa, mpwa wake atabaki na neno langu tupu, naye anataka sana liwe kweli. Nimeliona hilo machoni mwake tangu nilipoingia. Hakunitania hata mara moja.

Nimejaribu humu ndani, vioo vimefungwa. Mara ya kwanza kimetoka changu, cha jukwaani, kipana. Mara ya pili nimefumba macho, nikaisikia simu sikioni: anavuta pumzi kwanza, kama anayejizuia, kisha kinamponyoka puani, kifupi, kisha kingine kinakifuata kwa aibu —

Nimefumbua macho. Jirani amesimama nje ya kioo. Sijui amefika saa ngapi. Mkono ameuweka mdomoni, mabega yanatikisika, na kwa hapa nilipo sioni kama analia au anacheka. Anagonga kioo. Ananiambia neno moja, nalisoma midomoni: "Rudia." Ngoja nishushe —