Bei Mpya ya Dada Yako

Mjukuu wangu,

Miezi minane hujakanyaga kwangu, kana kwamba nimeshazikwa. Jirani ananiandikia haya.

Dada yako mchora nembo amepandisha bei maradufu. Wateja wa zamani amewapa notisi ya mwezi, na marekebisho ya bure ni mawili tu, si kumi kama zamani. Tangu atume ujumbe huo, hali chakula. Mwenye saluni alimjibu, "Umekuwa ghali, shosti," akamwacha. Dada yako akataka kuwaandikia wote kwamba bei ya zamani imerudi. Nikaikalia simu yake. Ikaita papo hapo: mwoka mikate amekubali, tena anataka achorewe na mifuko.

Bado anazunguka chumbani akiwaza wateja ambao hawajajibu. Wewe mwenye duka la viatu ni mmojawapo. Ukija, njoo na jibu, na usimwombe bei ya undugu.

Bibi yako