Mluzi Mwishoni mwa Santuri

Kijiji cha Endasak,
S.L.P. Katesh,
Hanang, Manyara.
14 Juni 2003

Mpendwa Mjomba Hermani,

Shikamoo. Hujambo huko Dodoma? Kifua kimepona? Sisi tuzima, ila bibi Tekla magoti yanamsumbua. Mahindi si haba. Ukijibu, usiandike tena Mkoa wa Arusha. Siku hizi sisi ni Manyara.

Nimepata ujumbe wako kwamba nimpe Gidamis, dereva wa lori uliyemtuma, sanduku lako la santuri akalitupe. Umesema roki ya zamani ni kelele tu, na kama naipenda, kaseti inatosha. Mjomba, samahani, sikukuelewa. Mtu hatumi lori kutoka Dodoma kwa ajili ya takataka.

Kwa hiyo nilichunguza. Ile santuri ndogo yenye tundu kubwa katikati, karatasi yake imekwanguliwa kwa kisu pale penye majina. Nani alifanya hivyo, na kwa nini?

Nilikata kipande cha kandambili kuziba tundu. Mara ya kwanza hakikukaa katikati, wimbo ukayumba kilevi. Nikakata kingine. Halafu betri za gramafoni zilikuwa zimechoka, sahani ikazunguka polepole na mwimbaji akawa na sauti ya fahali. Nikatia betri mpya, nikaweka mizunguko arobaini na tano kwa dakika, sindano ikatulia.

Wimbo ni uleule wa kwenye kaseti. Lakini kaseti ni nakala, na aliyenakili aliteremsha sauti mapema. Kwenye santuri, magitaa yanapofifia, kabla sindano haijafika pale palipo laini, mtu anapiga mluzi. Mara tatu fupi, kisha mmoja mrefu unaoshuka.

Unaujua, Mjomba. Ni mluzi wa marehemu babu wa kurudisha ng'ombe. Mama anasema alimfundisha mtoto mmoja tu, yule aliyemfukuza kwa sababu ya gitaa.

Ndiyo maana santuri za zamani bado zina maana. Kilichochongwa kwenye mifereji yake hakuna anayeweza kukipunguza. Kisu chako kiliishia kwenye karatasi.

Sasa sikiliza la bibi. Alikuwa anachambua maharage, hakujua ninacheza nini. Mluzi ulipolia aliinuka, na magoti yale yale, akaenda mlangoni. Akasema, "Fungueni zizi, Hermani amerudi."

Alisimama pale mpaka sahani ikanyamaza. Nililia, sikuficha. Miaka ishirini na sita tangu uondoke, Mjomba!

Gidamis sitampa kitu. Sanduku liko chini ya kitanda cha bibi. Kama si wewe uliyepiga ule mluzi, njoo umwambie yeye mwenyewe.

Msalimie shangazi Kornelia na Tito. Mama na Bonaventura wanawasalimu. Mungu akulinde njiani, maana safari hii naiombea.

Mpwa wako akupendaye, asiyekuamini bado,
Paskalina

Tena: tangu siku ile bibi hataki mlango ufungwe mapema.