Risala ya Nesi Anayekujaga

Butiama

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua unaitumia au umeiweka kabatini uonyeshe wageni? Mimi mzima. Nimenenepa kidogo kwa ugali wa muhogo, ambao nilikuwa naulalamikia sana nilipofika, na sasa nikiukosa siku mbili naona sijala. Ningekupigia simu, lakini simu yako unaweka spika, nyumba nzima inasikiliza na Baba Mdogo anajibu kabla yako. Haya ya leo nataka uyasome peke yako.

Unamkumbuka Nesi Veronika, bosi wangu hapa zahanati, yule niliyekwambia alinifokea wiki ya kwanza kwa kuchelewa? Ametimiza miaka ishirini ya kuiongoza zahanati hii. Kamati ya afya ya kijiji ikaamua kumfanyia sherehe, keki ikaagizwa Musoma mjini, pale Iringo, na mgeni rasmi akatafutwa wilayani. Ikabaki risala. Mwenyekiti wetu, Mzee Wambura, akanitazama akasema, "Zuhura ni wa Pwani, Kiswahili kimezaliwa kwao. Ataandika yeye."

Mama, kichwa kilinivimba. Unanijua nilivyo. Tangu nije huku nawasahihisha watu. Wao wanasemaga, wanaendaga, wananunuaga, kila kitenzi wanakitia mkia wa "ga", na mimi kazi yangu ni kuukata. Kwa hiyo nikakaa na kalamu nikamwaga Pwani yote. Nikaandika kwamba Nesi Veronika ni malaika, ni nyota isiyozimika, ni nguzo ya Mara nzima. Nikaandika kwamba alikuwa mtu wa watu, alipenda wote na wote walimpenda. Nikafunga kwa maneno niliyoyaona matamu kuliko yote: "Katika miaka yake ishirini, hakuna mama aliyetoka zahanati hii akilia."

Nikaisoma mbele ya kamati. Nilipofika hapo kwenye kulia, Mama Magesa, mwanakamati aliyekuwa amepangiwa kukaa meza ya mbele na mgeni rasmi, alijifunga kanga yake vizuri, akaaga kwa adabu, akatoka. Hakuna aliyemfuata.

Mzee Wambura akavuta pumzi. "Binti yangu, kwanza hiyo umeandika ya msiba. Alikuwa, alipenda, walimpenda. Mama wa watu yuko hai, anachoma sindano hapo ndani. Pili, umemsahau mtu."

Ndipo nikaambiwa. Kabla sijahamia huku, Mama Magesa alimleta hapa binti yake mdogo, mtoto ana degedege. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mzazi Bunda. Nesi Veronika akamwanzishia mtoto dawa, akampakata, akapanda naye pikipiki pamoja na mama yake kwenda Musoma. Mtoto hakufika. Na mimi nilikuwa nakwenda kusimama na kipaza sauti kumwambia mama huyo, mbele ya kijiji kizima, kwamba hajawahi kulia.

Niliona aibu, Mama, aibu ya kukosa pa kuweka mikono. Kesho yake nilikwenda kwake Mwitongo. Nilimkuta anaanika mtama. Nikamwomba radhi, nikamwambia ile sentensi nimeshaifuta na habari za watoto sitazigusa kabisa.

"Hapana," akasema. "Ukituruka sisi, itakuwa uongo uleule, umepunguza sauti tu. Watu wa hapa wanajua. Watakusikiliza huku wanakuhesabia."

"Sasa niseme nini, Mama Magesa?"

"Sema anakujaga."

Ulimi uliniwasha kumsahihisha. "Yaani anakuja," nikasema polepole.

Akaacha mtama akanitazama. "Anakuja ni leo. Anakujaga ni kila siku. Mwanangu hakupona, lakini Nesi alikuja. Msibani alikuja, akakaa chini na sisi siku zote za matanga. Na mpaka leo anakujaga. Hajifanyi Mungu. Mtaje mtoto aliyepona, mtaje na asiyepona. Jina la wangu usiliseme tu, hilo si lako kulisema."

Nikarudi nikaanza upya. Safari hii sikumsifu kwanza, niliuliza kwanza. Nilizunguka kwa mlinzi, kwa wahudumu, kwa kijana wa pikipiki, kila mmoja nikimwuliza ameona nini kwa macho yake. Ambalo hakuna aliyeliona, nililiacha hata kama lilikuwa zuri. "Malaika" akaondoka, na "nyota" pia. Kisha nikaisoma kwa sauti nikiwa peke yangu maabara, na kila neno ambalo lingemfanya Nesi ainamishe uso kwa haya nililikata. Risala ikabaki ukurasa mmoja. Nikampelekea Mama Magesa aisikie kabla ya mtu mwingine yeyote. Akasema, "Hiyo soma."

Siku yenyewe palijaa. Nikaanza na itifaki, mgeni rasmi, viongozi wa dini, wazee, halafu nikasoma. Nakunakilia kipande:

"Nesi Veronika ni mkali. Ukichelewa kazini atakwambia, na mimi ni shahidi. Lakini hajawahi kutusema mbele ya mgonjwa. Alipofika hapa, akina mama walikuwa wanajifungulia nyumbani kwa kuogopa lugha ya wauguzi. Alianza kwa kubadilisha lugha. Hakufanya peke yake. Mlinzi alishika taa, wahudumu walichota maji, vijana wa pikipiki walimbeba bila kuuliza saa. Wako watoto waliokaa hapa leo kwa sababu ya mikono yao. Wako pia ambao hatukuwapata, na wazazi wao tumekaa nao hapa. Hatusemi kwamba Nesi anaweza yote. Tunasema akiitwa, anakujaga. Asante kwa kuja miaka ishirini. Bado tunakuhitaji."

Mama, niliposema "anakujaga" watu walicheka, mimi wa Pwani nimetia "ga". Halafu kicheko kikakatika chenyewe, na bibi mmoja nyuma akaitikia, "Kweli, anakujaga." Na mwingine. Nimeshapigiwa makofi mengi shuleni, ila sijawahi kuitikiwa namna ile. Na Nesi Veronika ninampenda, acha nikwambie wazi. Anastahili kila neno na hakuhitaji hata moja la kuongezewa.

Nesi Veronika aliposimama kujibu hakusema mengi. Alishukuru wenzake, akaomba gari la pili mbele ya mgeni rasmi, maana ndivyo alivyo. Kisha akachukua kisu cha keki, akasema, "Sikati peke yangu. Mama Nyamisi, njoo unishike mkono."

Watu wakageuka kutafuta Mama Nyamisi ni nani, maana hatuna. Meza ya mbele, Mama Magesa akasimama. Magesa ni mwanawe mkubwa. Nyamisi ni yule binti mdogo aliyepakatwa kwenye pikipiki asifike. Tangu azikwe hakuna aliyewahi kumwita mama yake kwa jina lile, wote tulidhani tunamstahi. Alikwenda akitembea taratibu, machozi yanamtoka na uso unacheka, akaushika ule mkono wakakata. Mimi nililia mpaka wino wa risala ukachafuka.

Nisalimie Baba, mwambie redio anayoitaka nimeiona. Nisalimie Dada na watoto wake, Bibi umbusu kichwani, na Baba Mdogo mwambie simu si yake.

Mama, najua kabla yangu mlipata mtoto akafariki. Nimekua nikijua na sijawahi kuuliza, nikidhani ndiyo heshima. Mlimpa jina gani? Niandikie. Nataka siku moja nikuite kwa jina lake.

Mwanao,
Zuhura