Siku Ile ya Mkate wa Kumimina

Mwanangu Zuhura,

Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, maana za skuli mkono wangu haujazizoea. Leo alasiri mdogo wako Saidi kamaliza mtihani wa mwisho wa skuli ya msingi, nami tangu hapo nakuona wewe tu.

Wakumbuka siku yako kama hii? Nilikushonea gauni la maua ya buluu, nikaacha kazi za watu cherahanini. Bibi yako aliamka alfajiri kumimina mkate, mama yako akakaanga kaimati. Majirani wa Kikwajuni wakaja. Bibi yako alikuvisha kikuba cha maua ya asumini, akatwambia sote pale ukumbini: "Leo mtoto kapumua. Hapana mtu kumuuliza kitu."

Wewe ulikuwa unacheka na mkate mdomoni. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaiona karatasi ya maswali ya hesabu imechomoza mkobani mwako. Mliruhusiwa kutoka nayo, na wewe ulikuwa umeandika majibu yako pembeni kwa kalamu ya risasi. Nikaichukua bila ruhusa, nikampa Maalim Haji, jirani yetu. Nilitaka watu wasikie nna mtoto hodari.

"Fundi, tule kwanza," Maalim alisema.

"Angalia tu, Maalim. Mawili matatu."

Akaangalia. La kwanza sawa, la pili sawa. La tatu akalirudia kwa kidole, kisha akasema polepole, "Hapa kwenye kugawa, kateleza." Mimi nikakugeukia mbele ya wageni: "Ala! Kugawa tu?" Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya, lakini walicheka.

Ulivua kikuba, ukakiweka juu ya sinia, ukaingia chumbani. Mkate wako ulibaki na alama ya meno. Bibi yako hakunigombeza. Alinitazama tu, na mpaka leo natahayari nikilikumbuka jicho lile. Wiki nzima ukalala na karatasi chini ya mto, ukihesabu upya. Mtihani ulikuwa umeshakwisha, mimi nikakurudisha ndani.

Majina yalipobandikwa skuli, ulifaulu. Hukuja kunambia. Habari niliisikia kwa Maalim Haji, nimeshika mkasi, nikajifanya najua.

Sasa umeolewa Pemba, na salamu zako kwangu zinapitia kwa mama yako. Sikulaumu.

Leo Saidi alipoingia, karatasi imemtoka mfukoni, ikaanguka miguuni pangu. Nimeiokota, nikamrudishia imekunjwa vilevile. Nikamuuliza, "Umechoka, baba?" Akasema, "Nimechoka sana, baba." Akala, akalala pale pale mkekani, na hakuna aliyemwamsha.

Ni neno moja tu, Zuhura, na halikunigharimu kitu. Wewe sikukuuliza. Nisamehe, mwanangu. Siku ile, ulikuwa umechoka?

Ni mimi baba yako,
fundi wa gauni la buluu