Kimya Changu Hukukihesabu Kuwa Ndiyo

Mpendwa Baba Zawadi,

Eda imekwisha. Juzi ndugu zako walikuja kutoka Mwamgongo kwa boti ya asubuhi, na lililotokea hapa sebuleni nataka nikusimulie mwenyewe, maana ndugu zako kwa kuongeza chumvi hawajambo. Ila siwezi kuanzia hapo. Nikianzia hapo nitaonekana mwanamke jeuri, na wewe unajua nilianzia wapi.

Nilianzia kwenye kimya. Uliponiona mara ya kwanza nilikuwa nimekaa barazani kwa mama mdogo, kule Ujiji, nashona foronya za mito kwa cherehani yake ya mkono. Tulikuwa tumevuka ziwa kutoka upande wa Kongo miezi michache nyuma, mimi na mama yangu, vita vikiwa vimetufukuza. Wewe ulikuwa fundi wa injini za boti, Mha wa Mwamgongo uliyepanga Bangwe, mikono imejaa grisi. Ulikuja kurekebishiwa suruali. Ukasalimia kwa Kiha, ukacheka mwenyewe ulipoona sikujibu. Ukarudi na suruali nyingine ambayo haikuwa na kasoro yoyote, mama mdogo akaniambia, "Huyu hana suruali mbovu, ana moyo mbovu."

Ukaanza kuleta dagaa kila Ijumaa. Mama yangu alipougua, ukatafuta mtu wa kumbeba mpaka hospitali. Paa lilipovuja, ukapanda na turubai. Kila ulipoondoka, mama mdogo alinitazama kwa jicho lile la watu wazima. Miaka ile sote tulijua kwamba msaada wa mwanaume kwa mkimbizi una mkia. Wenzangu walikuwa wamelipia sabuni, wamelipia sehemu ya kulala, wamelipia hata nafasi kwenye boti. Mimi nilikuwa nangoja tu siku utakayodai chako.

Siku hiyo ikafika, nilidhani. Jumapili mchana tulitembea mpaka kwenye majabali ya Bangwe, tukakaa, ziwa limetulia, na ukanishika mkono. Ulinishika taratibu kabisa, Mungu ni shahidi. Lakini mwili wangu ulikakamaa wote. Sikuuvuta mkono wala sikusema kitu. Niliangalia maji na nikaenda mbali kimawazo, nikarudi kule njiani kabla hatujafika ziwani, kwa yale ambayo hukuniuliza mpaka nilipokueleza mwenyewe.

Mwanaume mwingine angesema, kanyamaza, basi karidhia. Wewe uliuachia mkono, ukasogea pembeni.

"Mkono wako umekuwa mgumu kama kasia," ulisema. "Nimekukosea?"

Nikanyamaza.

"Hutaki nikushike?"

Nikakujibu neno ambalo mpaka leo likinijia nashika kichwa: "Fanya unachotaka. Umetusaidia sana."

Baba Zawadi, sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Ulisimama, ukakaa, ukasimama tena. "Kumbe unanilipa?" ukauliza. Ulikuwa na hasira, na mimi nikaogopa, nikaanza kuufungua ushungi wangu kwa haraka nikidhani hasira ni ya kucheleweshewa. Hapo ndipo ulipokaa chini kabisa, mikono umeiweka juu ya magoti mahali ninapoiona.

"Funga ushungi wako," ulisema. "Hasira si juu yako. Dagaa ni dagaa, turubai ni turubai. Ukinikataa leo, Ijumaa dagaa watakuja. Ukinikataa na Ijumaa, watakuja vilevile, nitampa mama mdogo wako pale mlangoni na wewe hata usitoke."

Sikukuamini hata kidogo. Maneno mazuri nilikuwa nimeyasikia sana. Kwa hiyo nikakupima. Ijumaa ile nilijifungia ndani nikasema naumwa kichwa. Dagaa walikuja. Iliyofuata nikamtuma mama mdogo akuambie sitaki kukuona. Dagaa walikuja, na salamu kwa mama yangu juu yake. Hukuuliza mpaka lini, wala hukupitia kwa mama mdogo kunibembeleza, ingawa yeye mwenyewe alikuwa tayari kubembeleza kwa niaba yako.

Maana mama mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa na somo lake. "Mwanamke hasemi ndiyo," alinifundisha huku akichambua mchele. "Anainamisha kichwa, ananyamaza, basi. Hata mwari akiulizwa na shehe akinyamaza ameridhia. Wewe ukitamka kwa mdomo atakuona huna haya." Nilimuuliza, "Na asiyetaka ananyamazaje?" Akaacha kuchambua. Akaniambia nisimletee maswali ya Kikongo, kana kwamba yeye alizaliwa Makka.

Swali hilohilo nikakuletea wewe, pale Kibirizi kwenye uanikaji wa dagaa. Nimefikiri sana kwa nini siku hiyo tuliweza kuzungumza. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa mchana, watu wako karibu lakini hawasikii, na mikono yetu ilikuwa na kazi. Tulikuwa tunageuza dagaa mchangani, kila mtu upande wake, hatuangaliani usoni. Hakuna aliyekuwa amemshika mwenzake. Mambo hayo yakizungumzwa wakati mmeshakumbatiana, mmoja anakuwa ameshachelewa.

Nikakuuliza, asiyetaka ananyamazaje? Ukageuza dagaa weee. Halafu ukasema, "Kwa hiyo kimya chako sitakihesabu. Nitangoja neno. Neno lisipokuja, jibu ni hapana, na siku inaendelea."

"Na nikisema hapana utanuna."

"Pengine nitanuna," ulisema. "Nikinuna, mzigo huo ni wangu, nitaubeba mwenyewe nyumbani kwangu. Usiubebe wewe."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu tuvuke. Basi kicheko hicho kikafungua mlango, nikakwambia yote kwa mkupuo, macho yangu kwenye dagaa: kutembea pamoja sawa. Kushikana mkono sawa, lakini uniambie kwanza. Kunijia kwa nyuma, kamwe, hata kwa utani, hata miaka ikipita. Kubusiana sijui bado. Hayo mengine mpaka ndoa, na hata ndani ya ndoa uniulize.

Hukusema "kwa nini". Ulirudia tu moja baada ya jingine kama mtu anayetumwa dukani na hataki kusahau, halafu ukanishangaza. "Na mimi nina yangu," ulisema. Mimi nilidhani mwanaume hana yake! Ukaniambia hutaki kuharakishwa pia, kwamba rafiki zako pale ufukweni wanakucheka, wanakwambia mkimbizi ni mlango usio na komeo, na wewe unaona aibu kwa ajili yao. Ukasema kabla ya ndoa tukapime damu wote wawili, kwa ugonjwa ule uliokuwa unamaliza watu, na kwamba wewe ndiye utakayetangulia kutoa mkono. Ulisema hivyo sikio lako limeiva kwa haya. "Buhoro buhoro," ukamalizia kwa Kiha chako, na mimi nikaelewa bila tafsiri, taratibu tu.

Tuliendelea hivyo, si bila vichekesho. Ulikuwa unauliza kama karani: "Naomba mkono." Nikakwambia usiombe kama unaomba chumvi kwa jirani, sema tu "nikushike?" Ukajifunza. Nami nikajifunza kusema "subiri", na "leo hapana", na "hapo basi". Siku moja nilikukubalia busu, nikalitaka kweli, na katikati hofu ikanipanda. Nikasema, "Hapo basi." Nikawaza kwamba sasa nimekuudhi, nimekuonjesha nikakunyang'anya. Ukarudi nyuma mara moja, ukapumua, ukasema, "Haya. Tukale mgebuka, mimi nina njaa." Ulinuna kidogo njiani, nilikuona. Lakini hukunitoza. Tulipofika kwa mama lishe ulinichagulia kipande cha samaki chenye mafuta, na kununa kumeisha.

Halafu ikaja siku ya maulidi. Mama mdogo aliona tunachelewa, akaamua kutusaidia. Alimchukua mama yangu, akachukua watoto wa jirani wote, akatuacha nyumbani alasiri nzima na mlango ameurudisha kwa nje. Nilisikia anavyoondoka kwa madaha. Nilikaa kitandani, ushungi nimeushika kwa mikono miwili. Ulinitazama. Ukaenda ukaufungua mlango wote, jua likaingia mpaka uvunguni, ukakaa kizingitini, umenipa mgongo.

"Mama mdogo wako ametupangia," ulisema. "Mimi na wewe hatujapanga. Nitakaa hapa mpaka warudi, au niondoke, useme wewe."

Kuku wakaingia wakatoka. Nje wanawake walikuwa wanateka maji wakitutazama bila aibu. Nilikutazama mgongo ule, shati limetoboka begani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nikatafuta hofu ndani yangu nisiione. Niliona kitu kingine. Nilikutaka karibu. Nilikutaka mimi mwenyewe, bila dagaa wala turubai.

"Njoo ukae hapa," nikasema. Ukageuka. Ukaja, ukaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Nikauliza mimi: "Nikushike mkono?"

Hukuweza kujibu. Machozi yalikutoka, mtu mzima, fundi wa injini. Nikakukumbusha kwamba kimya hakihesabiwi. Ukasema, "Ndiyo, jamani, ndiyo," tukacheka mpaka wanawake wa maji wakasimamisha ndoo.

Ndoa yetu ilidumu, umeiacha mwaka huu. Zawadi wetu sasa ni mwalimu huko Mwanza, na ana mchumba. Alinipigia akauliza atamwambiaje mwenzake kwamba bado hayuko tayari, bila kumuudhi. Nikamwambia: chagua mchana, mwambie mapema, mwambie unachokitaka pamoja na usichokitaka, na umuulize na yeye. Akiudhika, mwangalie anafanya nini na udhia wake. Hapo utamjua.

Sasa ndugu zako. Walikuja wanaume wanne na wifi zangu, wakaleta mchele na mbuzi, wakakaa. Wakazungumza vizuri sana juu yako. Halafu mkubwa wao akasema mke hatoki nje ya ukoo, kwamba mdogo wako yuko tayari kunichukua na kunitunza. Wifi aliyekaa karibu yangu alinifinya paja, akaninong'oneza, "Inamisha kichwa tu, wifi, inatosha." Nikainamisha. Nilikuwa nimechoka, na msiba umenimaliza, na nikaona ni rahisi. Nikasikia mkubwa akishusha pumzi, akisema, "Alhamdulillahi, amekubali," na mtu akaanza kuinua mikono kwa dua.

Nikainua kichwa. "Sijasema kitu," nikasema. "Na ninalosema ni hapana."

Mkubwa akaniuliza kama nimesikia vizuri nilichoulizwa. Nikamwambia nimesikia, nawaheshimu, mbuzi wao nashukuru, na jibu ni hapana leo na kesho. Halafu nikamgeukia mdogo wako, ambaye hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza, nikamwambia, "Na wewe shemeji, unataka?"

Akatazama kaka yake, akatazama mkeka. "Hapana," akasema, na mkewe, aliyekuwa jikoni muda wote, akaangua kilio cha shukrani tukakisikia wote.

Pumzika, mume wangu. Nililala peke yangu usiku ule, kwa kutaka kwangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Zawadi