Salamu Mbili za Mama Mkwe, na Moja Tu ya Kutuma

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuandikia mtoto akiwa amenilalia kifuani na mkono mmoja ndio uko huru, kwa hiyo ukikuta sentensi haina mwisho ujue ni yeye aliyeamka. Naomba unisaidie jambo ambalo watu wataliona dogo, hata mume wangu ameliona dogo, lakini mimi limenikaa moyoni wiki nzima.

Jumamosi hii mama mkwe wangu anatimiza miaka sitini. Nina salamu mbili nimeziandika kwenye simu, moja juu, nyingine chini, na kila nikizisoma naona ya juu ndiyo, nikishuka naona ya chini ndiyo.

Mama mkwe ni msusi, ana saluni yake katika mji mwingine, na wateja wanamwita Mikono Minne kwa jinsi anavyosuka haraka. Nilipojifungua alifunga kazi akaja kukaa kwetu, na sijui ningekuwa wapi bila yeye maana mimi ni mtoto wa mwisho kwetu, sijawahi hata kumbeba mtoto wa mtu. Alinifundisha kumwosha, kumcheulisha, kumvika, na siku moja mtoto amelala akaniambia kaa hapa chini wewe, kichwa hicho kinatisha wageni, akanisuka huku akinisimulia alivyopata kioo chake cha kwanza cha saluni, muuzaji alikataa katakata kupunguza bei, basi yeye akamsuka mke wa muuzaji palepale dukani mpaka yule bwana mwenyewe akambebea kioo mlangoni, tulicheka mpaka tukamwamsha mtoto. Akaondoka kwa amani, hatukugombana hata kidogo.

Lakini tangu arudi kwake amebadilika. Nikimpigia kumuuliza mtoto ana vipele nimpake nini, anajibu. Nikimuuliza mbona hapati choo, anajibu. Ila anajibu kwa kifupi, "Sawa mwanangu," kisha anasema ana mteja. Wifi yangu, anayemsaidia pale saluni, aliwahi kuniambia, "Mama anasema simu yako ikilia anajua kuna vipele." Nilicheka, nikadhani ni utani wao wa saluni.

Sasa salamu. Mimi nafanya kazi steshenari, tunachapa barua, tunatengeneza kadi, kwa sasa niko likizo ya uzazi. Ya kwanza niliiandika kama ninavyowaandikia wateja, nayo ni hii:

"Heri ya siku ya kuzaliwa, mama yetu mpendwa. Wewe ni nguzo ya familia, ni taa ya nyumba yetu na zawadi kutoka kwa Mungu. Tunakuombea afya njema, maisha marefu na furaha isiyo na kikomo. Ni sisi wanao tunaokupenda daima."

Ya pili niliiandika nikiwa nimetoka kumwosha mtoto, sikufikiri sana:

"Shikamoo mama. Heri ya siku yako ya kuzaliwa. Leo nimemwosha mtoto kama ulivyonionyesha, mkono chini ya shingo, na hakulia. Sijasahau ile asubuhi nilipojifungia chooni nalia, ukaleta chai ukakaa mlangoni bila kuniuliza kitu. Mjukuu wako anakuhitaji. Ukituambia tarehe utakayokuja tena tutashukuru, maana likizo yangu inaisha mwisho wa mwezi."

Mume wangu alizisoma zote akasema ya kwanza, kwa sababu ina heshima, hii ya pili unaongea naye kama unapiga soga na jirani. Nikampelekea mwenzangu wa kazini, akanipigia hapohapo akicheka. "Shoga, hii ya kwanza si ndiyo niliyomchapia yule wa duka la rangi amtumie mkewe? Na kabla yake si ilikwenda kwa mwalimu, na kabla ya mwalimu kwa yule kocha? Nguzo na taa, nguzo na taa, nyumba zote hizo si zingekuwa zinawaka!" Nikamwambia ndiyo maana naipenda, haijawahi kurudishwa na mteja. Akasema, "Haijarudishwa kwa sababu hakuna anayeisoma mpaka mwisho."

Wifi ndiye humsomea mama ujumbe kwa sauti maana mikono yake ina mafuta na nywele za watu siku nzima. Ninaogopa, mshauri. Nampenda yule mama. Sitaki awe mtu wa kunijibu sawa, sawa, mpaka tuzeeke. Nitume ipi?

Ni mimi,
Mama Kichanga

*

Mama Kichanga,

Pole kwa uchovu, na hongera kwa mtoto. Nimezisoma salamu zako zote mbili, na zile habari ulizozitupia katikati ya barua kana kwamba hazina kazi nimezisoma kwa makini zaidi.

Tuanze na ya kwanza. Haina kosa, ndiyo shida yake. Futa neno "mama" uweke "mke," inakwenda kwa mke. Weka "mwalimu," inakwenda kwa mwalimu, na mwenzako ameshakuambia imekwenda. Mama huyu amesimama nyuma ya vichwa vya watu miaka yote hiyo, anasikia kadi za wateja wake zikisomwa, atazitambua nguzo na taa kabla wifi hajamaliza mstari. Halafu imeandikwa "sisi." Sisi kina nani? Aliyeshikwa mkono bafuni ni wewe. Mumeo anasema ina heshima. Mwambie heshima iko kwenye ile "shikamoo mama" ya salamu ya pili, ambayo kwenye hii ya kwanza mmeisahau kabisa kwa kushughulika na taa.

Hata hivyo usiitupe. Mna kundi la familia kwenye simu, sina shaka, na humo mashangazi na wajomba watahesabu nani kaandika na nani kanyamaza. Mumeo aiweke humo, kwa jina lake, asubuhi. Hapo ndipo mahali pake, kwa sababu huko inasomwa na watu wengi na haitamwaibisha mtu.

Kwa simu ya mama mwenyewe, tuma ya pili. Lakini usiitume kama ilivyo, nakukataza.

Angalia mkia wake. "Mjukuu wako anakuhitaji. Ukituambia tarehe..." Mwanangu, hiyo siyo salamu tena, hapo umeanza kumtafuta yaya. Umemwambia heri, ukamsifu, ukamshukuru, kisha ukatoa ombi, na mtu akisikia ombi mwishoni anarudi nyuma kuzihesabu sifa upya na kujiuliza kama zilikuwa sifa kweli. Ukituma hiyo, siku yake ya kutimiza miaka sitini atasikia kwamba amekumbukwa kwa sababu likizo yako inaisha. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba wifi alikuambia, simu yako ikilia mama anajua kuna vipele. Ukacheka! Yule hakuwa anatania. Hiyo ndiyo habari uliyokuwa unaitafuta wiki nzima, nawe uliipita kama unavyopita kiatu mlangoni. Hajakukasirikia. Amechoka kuwa dawa ya vipele. Ya kwanza, pamoja na uvivu wake wote, angalau haimwombi kitu. Hapo tu ndipo inapoishinda ya pili. Basi ukate mkia huo wote, usiache hata "karibu tena," maana kwa sasa hata hilo atalisikia kama kazi.

La pili ni lile la chooni. Ni neno zuri kuliko yote uliyoandika. Lakini umesema wifi ndiye humsomea, kwa sauti, na Jumamosi ni siku ambayo saluni haina hata pa kuweka mkoba. Unataka kilio chako kisomwe mbele ya wanawake waliokaa na vichwa vilivyosukwa nusu? Na mama atajibu nini mbele yao, akiwa ameshika rasta ya mtu? Atasema "sawa." Tena utaumia bure. Neno hilo litoe kwenye salamu ulitunze. Siku mtakayokaa wawili, mwambie kwa mdomo wako.

Sasa umebaki na shikamoo, heri, na mtoto kuoshwa bila kulia. Hiyo ya kuosha ibaki, ni ya kweli, na inamwambia kwamba alichofundisha kimeshika. Ila soma tena uone: bado yuko bafuni kwako, bado amemshika mtoto wako. Kabla hujawa na mtoto yule mama alikuwa mtu, na siku ya kuzaliwa ni ya huyo mtu. Wapi habari ya kioo? Umenisimulia mimi nisiyemjua, nikacheka peke yangu hapa mezani, yeye mwenyewe hukumwandikia hata neno! Hiyo hapo ndiyo sentensi unayokosa. Mwambie unaikumbuka, mwambie mlivyocheka, mwambie jambo moja kuhusu yeye ambalo halina nepi ndani yake. Tena ni habari inayofaa kusomwa kwa sauti; wateja watamgeukia waulize, "Kweli Mikono Minne, ulimsuka mke wa mtu dukani?" naye atapata cha kujigamba nacho mchana kutwa.

Sikuandikii mimi. Nikikuandikia itakuwa kadi nyingine ya dukani, na kadi unazo. Andika kama ulivyoniandikia, usirembe, isizidi kile ambacho wifi anaweza kusoma kwa pumzi chache. Weka "mimi" pale ulipoweka "sisi." Kisha mpe mumeo asome, lakini usimpe kalamu.

Kuhusu likizo yako, hilo ni jambo halali na usilionee aibu, ila lina siku yake. Acha Jumamosi ipite, na Jumapili pia. Wiki inayofuata mkae wewe na mumeo, mumeo ndiye apige simu kwa mama yake, aulize waziwazi kama anaweza kuja, na akisema saluni haimruhusu mkubali palepale bila kumtumia picha ya mtoto anayelia. Wakati huohuo anzeni kuulizia msichana wa kazi au kituo cha kulelea watoto, ili jibu lake lisiwe ndilo linaloshikilia ajira yako. Na kuanzia sasa, mara moja moja, mpigie ukiwa huna swali. Muulize leo amemsuka nani. Vipele muulize muuguzi wa kliniki, analipwa kwa hilo.

Akijibu salamu yako ya Jumamosi kwa "asante mwanangu" tupu, usimpigie kumuuliza kama ameipenda. Siku ni yake, mwache aende nayo.

Mshauri wako